Mtoto ameanguka mwembeni, apigwe CT?

SAFU YA MUKENDO
Na Nyamisi Magesa

Mzazi aliyempakia mtoto kwenye bodaboda kutoka Butiama hadi Musoma anataka kichwa kipigwe picha. Akiambiwa na daktari "tumwangalie kwanza", anaona kapuuzwa. Mimi niko upande wa daktari huyo, ilimradi amwangalie kweli.

Mwaka 2009 watafiti wa PECARN, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto zaidi ya 42,000 walioumia kichwa. Kwa mwenye miaka miwili na kuendelea, daktari huuliza mambo sita: fahamu zimebadilika? Alizimia? Ametapika? Kichwa kinamuuma vikali? Kitako cha fuvu kina dalili ya kuvunjika, kama weusi kuzunguka macho? Ajali ilikuwa ya nguvu? Majibu yote yakiwa hapana, uwezekano wa jeraha kubwa la ubongo haufiki mtoto 1 kati ya 2,000. Mionzi ya CT ya kichwa nayo ilikadiriwa kuleta saratani ya kuua kwa mtoto 1 kati ya 1,000 hadi 5,000, na walio wadogo zaidi ndio huumia zaidi. Mwenye hapana zote sita arudi nyumbani bila picha.

Ugumu uko katikati. Tuseme mtoto wa miaka sita kaanguka mwembeni, mita mbili. Hakuzimia, anajibu vizuri, ila katapika mara mbili. Anguko linalozidi mita 1.5 huhesabiwa kuwa la nguvu, kwa hiyo ana mambo mawili. Kundi lake hilo la kati lina hatari ya watoto kama 9 kati ya 1,000, na mambo yakiwa mawili daktari huegemea zaidi kwenye CT kuliko mtoto angetapika tu. Hata hivyo anaweza kulazwa saa kadhaa, aulizwe jina lake kila mara, kutapika kuhesabiwe. Akianza kulegea, kuchanganyikiwa au kichwa kuzidi kuuma, apigwe picha bila kungoja. Akichangamka na kudai uji, mionzi imeepukwa.

Huku kwetu kutapika huenda ni malaria pia. Apimwe, lakini jibu likiwa chanya mwembe usisahaulike.

Kanuni ya PECARN ilitungwa mahali ambapo mashine iko karibu na kitanda. Kwa mtoto wa kijijini Bunda, ambako usiku hakuna usafiri, "kamwangalie nyumbani" si uangalizi. Wa kundi la kati alale kituo cha afya, na gari la kumpeleka kwenye CT lijulikane kabla giza halijaingia.

Walio chini ya miaka miwili wana vigezo vyao. Nundu ya kwenye paji la uso peke yake haihesabiwi. Uvimbe wa ubavuni mwa kichwa au kisogoni unahesabiwa. Anguko la nguvu kwao huanzia sentimita 90, kwa hiyo kuponyoka mgongoni mwa dada aliyesimama kunatosha. Aliye chini ya miezi mitatu daktari humpiga picha mapema zaidi, maana hata akizidiwa anaweza kuonekana amesinzia tu.