Barua za Basari Zisizosema Kitu

Wanachama wenzangu, kwa maoni yangu barua zetu nyingi za kuomba basari zingeweza kuandikwa na mtu yeyote, ndiyo maana kamati haioni pa kushika. Rafiki yangu wa hapa Kitengela alinionyesha yake: "Mimi ni mwanafunzi mwenye bidii kutoka familia maskini sana, na kama tujuavyo elimu ni ufunguo wa maisha." Ukurasa mzima hivyo! Nikamuuliza, shida yenu ilianza lini? Akasema, si ule ukame wa 2022? Basi barua ianzie hapo.

Tukaandika upya: "Baba alikuwa na ng'ombe 14. Ukame wa 2022 ulituachia 3. Sasa mama huuza mboga, na muhula huu amelipa shilingi 2,000 za chakula cha mchana. Salio ni 4,500."

Alitaka kuongeza "hatuna chochote". Nikakataa, kwani ng'ombe 3 wapo, na chifu anayetia sahihi fomu anawajua. Salio nalo lilingane na karatasi ya shule inayoambatishwa. Ukiandika 6,000 na karatasi iseme 4,500, hata ukame wenyewe hautaaminiwa. Lile neno "bidii" (nani hana, kwenye barua?) tukaliondoa, tukaweka Hesabu: D+ muhula wa kwanza, C+ wa tatu.

Mistari minne ya fomu ilibaki mitupu. Akauliza tuijaze na nini. Nikamwambia, iache.