"Weka Stop Ulale"? Nani Kawadanganya?

Safari hii naandika kutoka Rujewa ambako nipo BTP. Chaki nashika, watoto wa kidato cha pili wananizoea, mambo si mabaya. Ila leo sina hadithi za darasani, leo nina ugomvi.

Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp kuna msemo umeshika kasi tangu bumu litoke: "Weka stop ulale." Maana yake, ukifanya foreksi kwenye simu, ukajaza ile sehemu iliyoandikwa Stop Loss, basi hasara yako haiwezi kuzidi hapo. Wanaofundisha vijana foreksi kwa ada wanausema kama vile ni sheria ya hesabu. Jamani, SI KWELI, na anayeisema kauli hiyo anachezea hela za watu za kula.

Tuanzie hapahapa Rujewa, mji wa mpunga. Tuseme gunia ni shilingi 100,000, na wewe unamwambia dalali: "Bei ikigusa 98,000, uza." Asubuhi wanunuzi wamepungua, na aliyebaki anatoa 80,000. Dalali anatekeleza agizo lako, anauza kwa 80,000. Hajakuibia! Ulimwambia auze bei ikifika hapo au ikipita chini, hukumletea mnunuzi wa 98,000. Stop ya kawaida ndiyo hivyo hivyo. Bei ikiigusa au ikiiruka, inageuka kuwa agizo la kuuza kwa bei yoyote iliyopo. Hiyo tofauti ya bei ndiyo kuteleza, na ile nafasi ambayo bei imeiruka ndiyo pengo.

Mtasema ni nadharia. Haya, twendeni Uswisi. Tangu Septemba 2011 benki kuu yao ilikuwa inazuia euro isishuke chini ya faranga 1.20. Watu wengi wakanunua euro karibu na hapo, stop ikiwa chini kidogo, wakijiona wajanja. Alhamisi tarehe 15 Januari 2015, saa sita na nusu mchana kwa saa zetu, benki ikatangaza kuwa imeacha kuizuia. Mabenki yaliyokuwa yakinunua yakajitoa, stop zote zikapiga kelele "uza" kwa pamoja, na mnunuzi hakuna. Ndani ya dakika chache euro ikawa chini ya faranga 1.

Chukua mfano wa mtu mwenye faranga 500 kwenye akaunti. Kanunua loti 0.1 ya EURCHF, yaani euro 10,000 kwa mkopo wa dalali, kwa bei ya 1.2010. Stop kaweka 1.1990. Hesabu yake: nikikosea napoteza faranga 20 tu. Sasa tuseme mnunuzi wa kwanza kapatikana kwenye 1.0200. Hasara ni 0.1810 mara 10,000, sawa na faranga 1,810. Akaunti imekwisha na bado anadaiwa 1,310! Na Take Profit yake? Ipo juu kule, inasubiri bei isiyokuja. Hiyo kazi yake ni kufunga faida kwa bei uliyotaja au nzuri zaidi, haizuii hasara hata kidogo.

Wateja wa FXCM pekee waliachwa na deni la jumla ya dola kama milioni 225. Alpari ya Uingereza, ile iliyokuwa kifuani mwa jezi za West Ham, ikatangaza kesho yake kuwa imefilisika.

Na usingoje Uswisi. Soko linafungwa usiku wa kuamkia Jumamosi na kufunguliwa usiku wa kuamkia Jumatatu. Likitokea jambo kubwa katikati, bei inafunguka mbali, na stop yako inatekelezwa hukohuko ilikofunguka.

Mnaobisha, fungueni History kwenye MetaTrader. Tafuta biashara iliyofungwa na stop, linganisha bei ya S/L na bei iliyofungia kweli. Zikitofautiana, hapo uliteleza.

Sisemi muache kuweka stop. Siku za kawaida inasaidia sana. Ninachokataa ni kuitumia kama kibali cha kubeba mzigo mkubwa. Yule mtu wetu angechukua loti 0.01, anguko lilelile lingemla faranga 181, akabaki na 319 na bila deni. Kilichoamua ni ukubwa wa mzigo, stop ilikuwa ileile.

Wapo madalali wanaouza stop yenye dhamana, unailipia. Na tangu 2018 wateja wadogo wa Umoja wa Ulaya wanalindwa wasidaiwe zaidi ya walichoweka. Ila wewe uliyejisajili kwa tawi la kisiwani usilolijua, soma mkataba: umeandikwa kwamba salio likienda hasi linafutwa? Kama haumo mstari huo, deni ni lako.

Kwa hiyo mwalimu wa foreksi akikwambia uweke stop ulale, muulize swali moja tu: asipopatikana mnunuzi, nani atalipa?