Nukleosomu Si Shanga



Mwezi Machi tulitengeneza bango la maonyesho ya chama. Wawili kati yetu wanasoma biolojia, kwa hiyo tuliamua kueleza kwa Kiswahili jinsi DNA inavyokunjwa mpaka ikaenea ndani ya seli. Tulichora uzi mrefu wenye vidude vya duara, na juu yake tukaandika kwa herufi kubwa: SHANGA KATIKA UZI. Ndivyo vitabu vyetu vya darasani vinavyosema, nasi tulitafsiri tu.

Tulikuwa tunalimalizia nyumbani kwa mwenzetu mmoja, huku Maryland. Mama yake ni fundi cherehani. Alisimama nyuma yetu, akalitazama bango, kisha akauliza, "Sasa wanangu, huu uzi unapita ndani ya shanga au nje?"

Tukamjibu, "Nje, mama. Unaizunguka."

"Basi hiyo si shanga. Shanga hutobolewa." Akafungua mtoto wa meza ya cherehani, akatoa kigurudumu cha uzi, akakiweka juu ya bango letu.

Tulicheka, lakini usiku ule tulibishana mpaka saa sita. Maoni yetu sasa ni haya: mfano wa shanga unampotosha mwanafunzi anayeanza, na sisi tunaoeleza mambo haya kwa Kiswahili hatuna sababu ya kuurithi.

Tuanze na hesabu yenyewe. Seli moja ya ngozi yako ina jozi za besi zipatazo bilioni 6.4. Jozi ya besi ni kama kipandio kimoja cha ile ngazi iliyopindwa ambayo wengi mmeiona kwenye picha za DNA. Kila kipandio kinaongeza urefu wa nanomita 0.34. Ukizidisha unapata mita mbili na ushee. Mita hizo zote zinakaa ndani ya kiini cha seli chenye upana wa maikromita 6 hadi 10, na maikromita elfu moja ndiyo milimita moja. Kwa hiyo haitoshi kuisokota DNA ovyo. Lazima ikunjwe kwa namna ambayo seli itaweza kuifungua tena mahali inapotaka kusoma.

Kazi ya kwanza ya kukunja inafanywa na protini ndogo ziitwazo histoni. Histoni zina chaji chanya nyingi, na uti wa DNA una chaji hasi, kwa hiyo vinavutana. Histoni nane hukaa pamoja na kufanya kitu kama kisahani kinene. Ni za aina nne, H2A, H2B, H3 na H4, mbilimbili kwa kila aina. DNA yenye jozi 147 hukizunguka kisahani hicho mara moja na theluthi mbili hivi, halafu huendelea kama kipande kifupi kilicho wazi hadi kwenye kisahani kinachofuata. Kisahani pamoja na DNA iliyokizunguka ndiyo nukleosomu. Ukihesabu na kile kipande cha kuunganisha, kila nukleosomu inachukua jozi kama 200, kwa hiyo seli moja ina nukleosomu zaidi ya milioni 30. DNA yote ikiwa na protini zake tunaiita kromatini.

Ilijulikanaje? Sehemu ya hadithi hii ilianzia jirani yetu, Bethesda, kwenye Taasisi za Taifa za Afya, NIH, ambazo sisi tunafika kwa treni ya Njia Nyekundu. Mwaka 1971 Clark na Felsenfeld walichukua kromatini wakaitia nukliasi, yaani kimeng'enya kinachokata DNA. Walitaka kujua protini zinafunika DNA kiasi gani. Waliona kwamba karibu nusu ya DNA iliangamia, na nusu nyingine ikalindwa na protini. Walipata kiasi, lakini mpangilio ulikuwa bado haujaonekana.

Mpangilio ulionekana mwaka 1973 huko Australia. Hewish na Burgoyne walifanya kazi na viini vya seli za ini la panya, ambavyo vina kimeng'enya chao wenyewe cha kukata DNA. Vipande vilivyopatikana havikuwa vya urefu wowote tu. Vilijipanga kama ngazi, kila kimoja kikiwa na urefu wa mara moja, mara mbili au mara tatu ya kipimo kilekile.

Jaribio la namna hii bado linafanywa na wanafunzi. Unatenga viini vya seli, unatia nukliasi ya bakteria pamoja na kalsiamu, kwa sababu bila kalsiamu haikati. Baada ya dakika chache unatia EDTA, ambayo inakamata kalsiamu, na mkasi unasimama. Unaondoa protini, kisha unaipitisha DNA kwenye jeli yenye umeme. Vipande vifupi vinakimbia mbele na virefu vinabaki nyuma. Unaona mistari kwenye jozi kama 200, 400, 600 na 800. Maana yake ni kwamba mkasi ulipata nafasi kati ya kisahani na kisahani tu.

Jeli hiyohiyo inakuonyesha ulipokosea. Ukisimamisha mapema mno, DNA yote inabaki juu karibu na mahali ulipoitia. Ukichelewa, ngazi inatoweka na unabaki na mstari mmoja karibu na jozi 147, kwa kuwa mkasi umekula vipande vya kuunganisha na kuacha ile iliyozungushwa tu. Ukitumia DNA tupu isiyo na histoni, huoni mstari wowote, ila doa refu lililopakaa kutoka juu hadi chini. Ndiyo sababu huwa wanaiweka DNA tupu pembeni kwa kulinganisha.

Mwaka 1974 Roger Kornberg alipendekeza kwamba kila kipimo cha jozi 200 kina histoni nane. Mwaka huohuo Ada na Donald Olins, kule Tennessee, walichapisha picha za hadubini ya elektroni: vidude vya mviringo vilivyofuatana kwenye uzi mwembamba. Hapa lazima tuwe waungwana. Katika picha zile, kromatini ikiwa imetandazwa kwenye maji yenye chumvi kidogo, kweli inafanana na shanga. Mwalimu mmoja wa biolojia alipotukumbusha hilo hatukuwa na la kumpinga.

Lakini picha hiyo haikuambii uzi umepita wapi. Jibu la swali la mama lilitoka kwenye mkasi mwingine, DNase I. Mwaka huohuo wa 1974 Markus Noll aliutumia kwenye kromatini, akakuta unaikata hata ile DNA iliyoshikwa na histoni, tena kila baada ya besi kama 10. Kumi ndiyo takriban hesabu ya vipandio katika msokoto mmoja wa ngazi ya DNA. Yaani DNA imelala juu ya protini, upande mmoja umegusa kisahani, na kila msokoto ukigeuka, upande wake wa nje unaukuta mkasi. Kama ingekuwa imepita ndani ya tundu, mkasi usingeifikia. Mwaka 1997 Karolin Luger na wenzake, katika maabara ya Timothy Richmond mjini Zurich, walichapisha umbo lake kwa usahihi wa nanomita 0.28, na ndivyo ilivyokuwa: uzi uko nje.

Mtu atasema tunabishania neno tu. Hapana. Fikiria shanga. Huwezi kuitoa katikati ya mkufu bila kukata uzi au kuzitoa zote zilizo mbele yake. Kigurudumu cha uzi unaweza kukifungua kidogo pembeni, ukasoma kilichoandikwa kwenye uzi, ukakizungushia tena. Seli hufanya hivyo kila siku. Ncha za DNA kwenye nukleosomu hufunguka na kujifunga zenyewe. Zipo protini zinazotumia nishati kusogeza kisahani au kukiondoa kabisa, na DNA haikatiki. Histoni zenyewe zina mikia inayochomoza nje, na seli ikibandika kemikali ya asetili kwenye mikia hiyo, chaji chanya inapungua na mshiko unalegea. Mwanafunzi aliyefundishwa shanga atauliza, na ana haki, jeni lililo ndani ya tundu linasomwaje.

Tuna lawama moja zaidi. Vitabu vingi huonyesha ngazi nadhifu: DNA, kisha shanga, kisha kamba nene ya nanomita 30, kisha kamba nene zaidi, mpaka kromosomu yenye umbo la X. Tulichora hivyo nasi. Kamba hiyo ya nanomita 30 imeonekana kwenye kromatini iliyotolewa nje ya seli, na kwenye seli chache maalumu kama chembe nyekundu za damu ya kuku. Lakini mwaka 2008 watafiti waligandisha ghafla seli za binadamu zilizokuwa zikigawanyika, wakazichunguza bila rangi wala kemikali, na hawakuiona. Waliona nukleosomu zimesongamana tu.

Na hesabu inaonyesha kwa nini hili si jambo dogo. Kromosomu namba 1 ina jozi milioni 249 hivi, yaani sentimita 8.5 za DNA. Seli inapogawanyika, sentimita hizo zinakuwa kijiti cha maikromita kama 10, kifupi mara 8,500. Nukleosomu, hatua tunayoijua kuliko zote, inafupisha mara sita tu: jozi 200 zilizonyooka ni nanomita 68, na kisahani kina upana wa nanomita 11. Sehemu kubwa iliyobaki inafanywa kwa vitanzi. Protini iitwayo kondensini hushika kromatini na kuivuta kidogo kidogo kupitia kwenye mwili wake, kama unavyovuta uzi kwenye pete, na kitanzi kinakua. Mwaka 2018 watafiti mjini Delft, Uholanzi, waliitazama ikifanya hivyo moja kwa moja chini ya hadubini. Vitanzi vingi vikipangwa kuzunguka mhimili mmoja na kubanana, unapata kile kijiti.

Bango jipya halina ngazi. Upande wa kushoto tumebandika kigurudumu cha uzi cha kweli, uzi mwekundu, umezungushwa mara moja na theluthi mbili. Upande wa kulia kuna vitanzi. Katikati tumeacha nafasi nyeupe, tukaandika: "Hapa bado wanabishana." Mama amelipitisha, ila amesema mwandiko wetu ni mbaya.