Kuvuta Msuli Si Kuupasha

Mchambuzi mmoja wa soka anadai kwamba mchezaji akikaa nyasini kabla ya mechi na kuvuta kila msuli kwa dakika nzima, atalegea, hataumia na atakimbia vizuri zaidi.

Kulegea, sawa, atalegea. Kukimbia vizuri zaidi? Mapitio ya tafiti yaliyoongozwa na David Behm mwaka 2016 yalikuta kwamba msuli uliovutwa kwa sekunde 60 au zaidi hupoteza wastani wa asilimia 4.6 ya ufanisi muda mfupi baadaye. Chini ya hapo hasara ni kama asilimia 1 tu. Mchambuzi wetu kachagua dakika nzima!

Dai lililo dhaifu kuliko yote ni hilo la kutoumia. Nchini Australia, Rodney Pope na wenzake waliwafuatilia makuruta 1,538 wa jeshi. Wote walipasha mwili, lakini kundi moja liliongeza kunyoosha misuli ya miguu. Majeraha yakawa karibu sawa. Kumbe jasho lote lile la kugusa vidole vya miguu!

Sasa mchambuzi atazame Norwei, mwaka 2007. Wasichana wanasoka wa miaka 13 hadi 17 walifanya programu ya 11+: mbio nyepesi, mazoezi ya nguvu, kuruka na usawa wa mwili, kisha mbio za kasi zenye kugeuka ghafla. Majeraha yalipungua kwa karibu theluthi moja, na yale makubwa kwa karibu nusu. Programu kamili ya dakika 20 ilikuwa ya siku za mazoezi. Kabla ya mechi walifanya sehemu za kukimbia pekee. Hakuna aliyeketi.