Acheni kupiga windo, ni proksi tu!

Haya wadau, leo niko na mafundi wetu wa mjini. Kompyuta ikigoma kufungua mtandao, jibu lao ni moja: "Hapa tupige windo." Juzi imemkuta dada mmoja wa darasa letu la elimu. Shangazi yake kampa laptopu aliyouziwa na ofisi yao. Huku Ng'ong'ona kila ukurasa unaleta ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED. Fundi kataka 30,000 afute kila kitu, na humo kuna azimio la kazi na maandalio yote ya TP!

Jamani, huyo fundi hata maandishi hakuyasoma. Neno PROXY liko pale pale. Proksi ni kama mlinzi wa getini: ofisini, brauza haiendi mtandaoni yenyewe, inamtuma yeye. Kwenye laptopu ile mlinzi alikuwa 10.10.1.5, mlango 8080. Anwani zinazoanza na 10 ni za mtandao wa ndani tu. Laptopu imehama, mlinzi kabaki ofisini, lakini brauza bado inambishia hodi. Ndiyo maana hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka.

Kabla hujatoa hela, pima hivi. Washa bando la simu, unganisha laptopu. Simu ikifungua kurasa na laptopu ikagoma, andika kwenye Command Prompt:

```
ping 8.8.8.8
```

Ping haipiti kwa proksi. Ikijibiwa wakati kurasa hazifunguki, bando ni zima, windo ni zima, mshuku mlinzi.

Kwenye Windows 10 nenda Settings, halafu Network & Internet, halafu Proxy. Zima Use a proxy server. Angalia pia Use setup script, kama imewashwa izime, maana ofisi nyingine huficha anwani humo. Fungua brauza upya. Yule dada alimaliza kabla chai haijapoa, bila kufuta hata faili moja. Wa Firefox, yenyewe inaweza kuwa na proksi yake: kwenye Network Settings chagua No proxy.

Najua mtasema, "Mbona windo mpya inaponyesha?" Inaponyesha kweli, kwa sababu inafuta na ile anwani. Ni kuchoma nyumba ili ufukuze panya, halafu panya mwenyewe unamlipia.

Ila swichi ikijirudisha On yenyewe, au ukikuta maandishi kwamba mipangilio inasimamiwa na taasisi, usishindane nayo. Hiyo mashine bado iko mikononi mwa ofisi, irudishwe kwao waiachie. Na lawama zangu za mwisho ni kwa ofisi zenyewe: mnauza mashine na kung'oa stika ya mali ya ofisi, swichi moja inawashinda nini?

Nawasilisha.