Asilimia 58 za mpwa wangu

Wiki hii mpwa wangu alinionyesha simu yake kwa unyonge: programu imelinganisha wasifu wake na tangazo la kazi ya uhasibu, ikampa asilimia 58. Tukakaa kuhesabu. Tangazo lilikuwa na maneno 12 ya msingi, kwake yalionekana 7. Gawanya, ndiyo hiyo 58. Lakini tangazo lilisema "usuluhisho wa hesabu za benki", naye kaandika "kulinganisha daftari na taarifa ya benki", kazi ileile anayoifanya kila mwisho wa mwezi. Sifuri! Tukabadilisha maneno mawili ya namna hiyo, akapanda hadi 75, na ujuzi wake haukuongezeka hata chembe. Mzani hujua uzito, utamu haujui. Kilichonikera zaidi ni cheti cha CPA: tangazo limesema ni lazima, yeye hana, na programu imekihesabu pointi moja tu, sawa na Excel. Angeweza kufika 92 na bado akaachwa mlangoni. Asilimia hiyo inafaa kukuonyesha neno ulilosahau kuandika. Kukutabiria ajira haiwezi. Ndugu msomaji, anza na masharti ya lazima, asilimia baadaye.