Konje yetu si kiraka ya kampani

Kazi inasimama, na kesho yake karatasi inabandikwa ku mulango wa biro ya personeli: "Kuanzia Kazi Moja, watumishi wote mu konje." Hakuna aliyeulizwa. Siye watu wa migodi, pamoja na wake na watoto wetu, ile karatasi tunaijua. Tunasema wazi: namna ile si ya sheria.

Tuchukue mufano wa baba mumoja wa Kolwezi. Aliingia kazi tarehe 1 mwezi wa ine 2019. Kode ya Kazi, ndiyo sheria namba 015/2002, inatoa kwa mutu mukubwa angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi muzima aliotumika, na siku moja ya kuongeza kwa kila myaka mitano ku kampani moja. Haki yenyewe inafunguka kisha mwaka muzima, tarehe kwa tarehe. Basi, tarehe 1 mwezi wa ine 2024, yule baba alikuwa na siku 12, na moja ya myaka mitano: siku 13. Kama kontra ao masikilizano ya sendika inatoa zaidi, ni ile zaidi ndiyo inahesabiwa.

Alilomba mwezi wa munane, wakati watoto hawaende ku masomo. Shefu akamujibu: "Papa, kazi ni mingi, ngoja kwanza." Akalomba mwezi wa kumi na mbili, jibu ni lile lile. Yote kwa kinywa tu, hakuna karatasi.

Kisha, tarehe 22 mwezi wa pili 2025, Serikali ikasimamisha kupeleka kobalti inje ya inchi. Tuseme kampani yake ikafunga juma ine, toka tarehe 3 mpaka tarehe 29 mwezi wa tatu. Kwa siku sita za kazi kila juma, ni siku 24. Biro ikapiga hesabu: siku 13 za zamani, na siku 11 za mwaka wenye kuendelea. Ikasema: "Tumemaliza, hakuna deni."

Deni iko. Zile siku 11 haki yake ilikuwa haiyafunguka. Ilingojea tarehe 1 mwezi wa ine 2025. Mwezi wa munane, wakati baba analomba tena kupeleka watoto ku mungini, anaambiwa amebakia na siku mbili tu. Mwaka muzima wa kupumzika uliliwa mu juma ambazo hakuchagua, watoto wakiwa ku masomo.

Artikeli 140 inasema konje inatolewa wakati ambao pande mbili zimesikilizana. Neno lile linafunga pande zote mbili. Mutumishi hawezi kujiandikia tarehe peke yake na kwenda. Tunajua kama furu haiwezi kubakia bila watu kwa sababu wote wanataka mwezi wa munane. Lakini mukubwa naye hawezi kuamuru peke yake. Na hawezi kusema "ngoja" bila mwisho: wakati haki ya konje mupya inafunguka, konje haipashwe kupita miezi sita kisha pale. Tena mutumishi hana ruhusa ya kuacha konje yake. Kama yeye mwenyewe hawezi kuiacha, namna gani biro inaweza kusema siku za mwaka uliopita "zimekufa", na ni shefu aliyezikatala?

Wengine watasema: afazali konje yenye kulipwa kuliko shomaje bila franga. Tunawasikia, maana nyumba haikule sheria. Kama kampani inataka kutumia siku za zamani wakati wa kufunga, iite delege wa sendika, na kila mutu akubali kwa sinyatire yake. Siku 13 za yule baba, angeweza kuzikubali. Lakini kosa la soko si deni ya mutumishi. Siku zenye kubakia ziitwe jina lao, shomaje tekniki, na malipo yake yazungumuzwe pale mezani.

Kwa hiyo tunaomba wandugu zetu wafanye jambo moja: kulomba kwa maandiko, miezi miwili ao mitatu mbele, na tarehe mbili za kuchagua. Biro itie muhuri na tarehe ku kopi yako. Wakikatala, uliza tarehe yao, nayo iandikwe. Chunga karatasi za mushahara, maana pale ndipo hesabu ya siku inaonekana. Wakikuwekea konje kwa nguvu, usitie sinyatire mbele ya kusoma kama inasema "mutumishi amelomba". Kisha enda na delege kwa inspekteri wa kazi. Neno la mutumishi na mukubwa linapita kwake kwanza mbele ya kufika ku tribinali.

Yule baba hakuwa na karatasi hata moja. Ni pale alishindwa, haikuwa ku sheria.